Usingizi wa Kwake, Macho ya Kwangu

Nina wivu. Nalisema mapema ili asije mtu akanisoma mpaka katikati ndipo aanze kushangaa. Umri umenilegeza magoti tu, lakini wivu umebaki na meno yake yote. Nimewahi kuona wivu wa nguo, wa watoto, hata wa mahali pa kukaa kwenye harusi. Hakuna ulionitesa kama wivu wa usingizi. Nilimwonea mke mwenzangu wivu kwa sababu mume wetu alikuwa analala kwake, na simaanishi kulala kule mnakokufikiria. Namaanisha kufumba macho na kukoroma.

Hiyo ilikuwa Tabora, enzi za Mwingereza. Mume wetu alikuwa Mnyamwezi wa Igalula, na kazi yake ilikuwa reli. Pale stesheni njia zinagawanyika, moja inakwenda Mwanza na nyingine Kigoma, na yeye ndiye aliyekuwa akivuta mkono wa chuma ili treni iingie njia yake. Ukiuvuta vibaya, au usipouvuta, treni mbili zinaweza kukutana uso kwa uso. Alikuwa akiniambia hivyo kwa kujivuna, nami nilikuwa nikipenda kumsikia akijivuna.

Mimi nilikuwa mke wa pili. Nilitoka Ujiji, kwetu ni watu wa mjini wa zamani, Kiswahili ndicho tulichonyonya. Babu yangu aliitembea njia ya Ujiji hadi Tabora kwa miguu, mzigo begani, zamani za misafara. Mimi niliipita ile ile nikiwa nimekaa kwenye behewa na sanduku langu, nikishangaa jinsi miti ya miombo isivyokwisha. Mke mwenzangu alikuwa Mnyamwezi kama mume. Alikuwa na watoto watatu na nyumba karibu na stesheni. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na uwanja upande wa Ipuli, na mtoto sikuwa naye bado. Ukiyapanga hayo yote kwenye ungo utaona wivu ulipata pa kuota.

Wenye ndoa za namna yetu wanajua neno zamu. Kwetu lilikuwa na kazi mbili. Mume alikuwa na zamu za reli, wiki moja usiku, wiki moja mchana. Akawa na zamu za wake, wiki moja kwa bi mkubwa, wiki moja kwangu. Alibadilisha zote siku moja, Ijumaa. Akitoka msikitini mchana anachukua kifurushi chake cha nguo na kuhama. Hakuna aliyeona kasoro. Kadhi mwenyewe angekuja na kamba kupima, angekuta siku saba huku na siku saba kule.

Sasa sikilizeni yaliyokuwa yakitokea. Kwa mke mwenzangu mume alikuwa analala fofofo. Habari hizo sikuzitafuta, zilinifuata kisimani. Jirani yake mmoja alikuwa akizileta kwa uso wa huruma. Leo kalala na tonge mkononi. Leo kinyozi kamnyoa nusu kichwa yeye yuko mbali anakoroma. Leo watoto wamempanda mgongoni wamecheza farasi, hakujigeuza. "Mtu hulala hivyo palipo na raha yake," jirani akasema, akajitwisha ndoo yake na kwenda zake.

Na kwangu? Siku mbili za kwanza alilala vizuri, hilo silikatai. Ijumaa na Jumamosi akigusa mto amekwisha. Nikawa nashukuru, nikijiambia sasa amezoea. Kuanzia Jumapili, basi. Tunaswali isha, nampa chakula, namwandalia kitanda kwa shuka nililolifua na kulipiga pasi, nazima taa. Yeye chali. Namsikia anavyopumua, na mtu aliyelala hapumui vile. Nauliza, "Hujalala?" Anajibu, "Nimechoka tu." Basi anaanza kuongea. Ananisimulia habari za treni ya mizigo, za kaka zake wa Igalula na mizinga yao ya nyuki, za alivyokuwa akichunga ng'ombe mpaka mmoja akazama mtoni. Ataongea mpaka saa tano, na mimi namjibu mm, mm, huku roho inaniuma. Nilikuwa nikijiuliza, godoro langu lina miiba? Nina harufu? Mtu anakuja amechoka mpaka miguu inamtetemeka, halafu kwangu tu ndiko usingizi unamkimbia.

Siku moja katika wiki ya bi mkubwa nikajifanya nawapelekea karanga. Ilikuwa asubuhi, mume ametoka kazini muda mfupi uliopita. Nilipofika ukutani kwake kabla ya kubisha hodi, nikamsikia mume ndani akivuta pumzi ndefu na kusema, "Nanoga. Nanoga."

Kwetu Ujiji, na popote Kiswahili kinaposemwa, kunoga ni kukolea utamu. Mchuzi hunoga. Ngoma hunoga. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja Tabora, na Kinyamwezi nilichokijua ni salamu na bei ya mihogo, kwa kuwa nami mume alisema Kiswahili kitupu. Nilisimama pale ukutani bakuli mkononi, masikio yananiwaka moto. Kwangu "nimechoka", kwake "nanoga". Sikubisha hodi. Nilirudi na karanga zangu na nikazila zote njiani, hata sikusikia ladha yake.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi moja tu, kumlaza. Akirudi kutoka zamu ya mchana saa tisa na nusu, namvua viatu na kumwambia alale, amechoka. Analala kitandani mpaka magharibi, yaani analala ubavu, macho wazi. Saa mbili namrudisha kitandani tena, amechoka. Nilimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Nilitia iliki kwenye maziwa. Nilimwendea mzee mmoja akaniandikia kikaratasi cha kuweka chini ya mto. Kadiri nilivyomlaza ndivyo alivyokodoa macho, mpaka akawa anakiogopa kitanda changu kama mtoto anavyoogopa maji ya baridi. Na ikifika Ijumaa anabeba kifurushi anakwenda kulala kwa watu. Nilikuwa namtazama mgongo anavyoondoka, natamani nimrushie kinu.

Hapo ndipo yalipotokea ya stesheni. Ilikuwa siku ya Alhamisi, mwisho wa wiki ya usiku. Kumekucha, jua limeanza kuonekana, treni ya mizigo kutoka Kigoma ikafika nje ya stesheni ikasimama, ikapiga honi. Ikapiga tena. Stesheni masta alipotoka kutazama alimkuta mume wetu amekaa kwenye gogo kando ya mkono wa chuma, kidevu kifuani, amelala. Hakuna kilichogongana, namshukuru Mungu. Lakini treni ilisimama, na mtu aliyekabidhiwa njia alikuwa usingizini.

Miaka ile, mtu wa upande wetu akisinzia mchana, watu walikuwa hawacheki. Walikuwa wanasogea mbali kidogo. Miombo yetu ilikuwa na mbung'o, na mbung'o alikuwa analeta malale. Mgonjwa wa malale anasinzia mchana, usiku anatangatanga, akili inamtoka kidogo kidogo, na asipotibiwa anakufa. Mume wetu alikuwa ametoka Igalula miezi michache nyuma kurina asali na kaka zake, msituni kabisa. Stesheni masta akaunganisha mambo. Akampeleka zahanati moja kwa moja na kusema, akikutwa na malale anakwenda kambi ya wagonjwa, asipokutwa nayo basi ni mvivu, hana kazi. Alitaka jibu kwa maandishi.

Dresa wa zahanati alikuwa mtu mzima, Mnyamwezi, kipara kinang'aa, mpole na mgumu. Alituma watu watuite wake wote wawili. Nilipofika nilimkuta mke mwenzangu amekwisha kaa kwenye benchi. Hatukuwahi kukaa benchi moja. Nikaacha nafasi ya watu wawili katikati, na hapo katikati, kumbe, ndipo dresa alipomkalisha mume.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba, binti. Kaa usikie."

Alikuwa ameshampima. Amempapasa shingo nyuma kutafuta tezi zilizovimba, hakuna. Joto la mwili, hakuna. Amemtoboa kidole na kuichungulia damu kwenye darubini, na hakuona mdudu. "Lakini damu peke yake hainitoshi," alisema. "Mdudu wa malale akikaa sana anatoka kwenye damu anaingia kichwani. Kwa hiyo nataka habari za nyumbani, na za nyumbani wanazo wake." Akamgeukia mume. "Wewe unajisikiaje?"

"Nanoga," mume akajibu.

Nilishtuka kana kwamba nimemwagiwa uji. Mbele za watu, mume wangu anasema mambo yamenoga?

"Umechoka," dresa akasema. "Sawa. Umechoka, au una tulo?"

Nilimwegemea mke mwenzangu kwa nyuma ya mgongo wa mume, sauti ya chini. "Nanoga ni nini?"

"Ni nimechoka," akaninong'oneza. "Tulo ndiyo usingizi. Ulidhani nini?"

Nilikumbuka ukuta wake na bakuli langu. Zile karanga zilinirudi kooni. Mume naye, dresa akingoja jibu, kidevu kilikuwa kimeshashuka. Sisi tukiwa watu watatu tunaongea, jua linaingia mlangoni, mtoto wa mtu analia chumba cha pili, yeye alilala pale pale amekaa. Hakupita hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Dresa alimtazama akaitazama saa yake.

"Huyu hakuchoka tu," alisema. "Aliyechoka ukimkalisha anapumzika, anakutazama. Mwenye usingizi ukimkalisha hata juu ya mawe anakwenda. Hawa ni watu wawili tofauti, ingawa wote wanasema neno moja." Akamwuliza bi mkubwa, "Kwako anakuwaje?"

Bi mkubwa akaeleza kwa unyenyekevu, wala hakujisifu, jambo lililoniudhi zaidi. Akitoka kazini asubuhi analala. Kisha watoto wanaamka, jirani anakuja kusalimia, jua linapiga bati, saa nne ameamka. Mchana anasinzia kwenye chakula. Anasinzia kwa kinyozi. Jioni anaondoka tena.

"Na kwako, bi mdogo?"

Hapa ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso. Wanawake wawili, benchi moja, mume katikati anakoroma, bega lake limeelekea upande wa mwenzangu. Kulikuwa na mgonjwa mwingine dirishani anasikiliza. Nikamwona jirani wa kisimani kichwani mwangu na uso wake wa huruma. Nikasema, "Kwangu pia analala sana. Usiku analala, mchana analala. Hata kwenye chakula." Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Kwangu anakoroma zaidi."

Mke mwenzangu aligeuza kichwa akanitazama.

Dresa hakufurahi. Aliweka kalamu chini. "Hapo sasa umeniogopesha," alisema. "Kwa mwenzako sikushangaa. Anafanya kazi usiku kucha, anapata usingizi wa saa tatu uliokatwa katwa, atasinzia hata akiwa mzima kama chuma. Lakini kwako anafanya kazi mchana, usiku wote ni wake. Mtu aliyelala usiku mzima, siku nyingi mfululizo, halafu mchana bado anaanguka na tonge mkononi, huyo halali kwa kukosa usingizi. Kuna kitu kinamla." Akavuta karatasi. "Nitamwandikia hospitali kubwa. Watamchoma sindano ya uti wa mgongo watazame maji yake. Wakitia shaka atakaa kambini miezi. Kazi ya reli aisahau."

Akaanza kuandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Nilimtazama mume wangu, mikono yake imefunguka mapajani, viganja vigumu, vyeusi kwa grisi. Nikamfikiria amekunjwa kitandani na sindano kwenye mgongo. Nikaifikiria nyumba yake ya stesheni na chumba changu cha Ipuli, hayupo kote kote. Na bado, niseme kweli maana hii ni habari yangu mwenyewe, na bado ulimi uligoma. Kupoteza mume niliona kubaya. Kusema mbele ya yule mwanamke kwamba kwangu halali, niliona kubaya karibu sawa.

Kalamu ilipofika mstari wa tatu nikasema, "Nimesema uongo."

"Upi?"

"Wote. Kwangu halali." Nilisema nikitazama sakafu. "Mchana hasinzii hata mara moja. Anakula, anaongea, anatengeneza kiti. Usiku namlaza saa mbili kwa sababu amechoka, naye anabaki macho mpaka saa tano. Labda ni mimi. Kwake anapata raha, kwangu hapati."

Nilingoja mke mwenzangu acheke. Hakucheka.

Dresa akaanza kuniuliza moja moja kama karani. Mchana je, namlaza? Nikasema namlaza, saa kumi hadi magharibi. Analala? Siku mbili za kwanza ndiyo, usingizi wa pono, baadaye anatazama paa. Na hizo siku mbili za kwanza, usiku? Analala hapo hapo. Asubuhi anaamka mwenyewe? Ndiyo, saa kumi na moja, bila kuamshwa, na anaimba akinawa. Kichwa chake kinaanza kushuka saa ngapi, kama nisingemlaza? Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikafikiri. "Saa nne," nikasema. "Saa nne na nusu. Wakati huo anapiga miayo na maneno yanakatika."

"Basi hapo ndipo tulo inapofika," dresa akasema. "Wewe unamlaza kwa uchovu. Uchovu ni wa miguu na mgongo na mawazo, unataka kiti, maji ya moto ya miguu, maneno mazuri. Usingizi una saa yake na una njaa yake. Siku mbili za kwanza anakuja kwako na njaa ya wiki nzima, analala popote. Ameshashiba, na bado mwili wake umezoea kukesha, wewe unampa sahani nyingine saa mbili, na nyingine alasiri. Ataimezaje? Anakaa anaitazama. Ukimlaza hivyo kila siku mwisho atakichukia kitanda chenyewe."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, binti. Wala si mwenzako. Ni zamu." Akatuonyesha kwa vidole, wiki ya usiku huku, wiki ya mchana kule, na jinsi zote zilivyobadilika Ijumaa. Mwaka mzima bi mkubwa alikuwa anapewa mume wa usiku na mimi mume wa mchana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona yule mwingine.

Ile barua hakuipeleka, lakini hakuichana. "Umesema mambo mawili leo," akaniambia. "Nitaangalia mwenyewe." Alimwandikia stesheni masta ampe kazi ya mchana mtupu wiki inayofuata, mbali na mkono wa chuma. Kwangu akatoa amri: alasiri kukaa kitini tu, kitanda kingoje miayo. Jumatano, akitoka kazini, nimlete.

Wakampa kazi ya kushindilia kokoto chini ya mataruma ya reli. Ilikuwa kazi ya kumvunja ng'ombe. Jumatano alasiri nilimpokea kwenye geti la stesheni mikono imetoka malengelenge, anatembea kama amevaa viatu vya chuma. Nilijua, kama akilala kwenye lile benchi, ile barua inakwenda.

Bi mkubwa naye alikuwa amekuja. Safari hii hatukuacha nafasi kubwa. Dresa alimkalisha mume pale pale, akamwambia asiseme neno na asisemeshwe, yeye akaenda kuosha vichupa vyake. Sisi tulikaa nje ya mlango, tunamwona kwa upande. Saa nzima. Sijawahi kumwomba Mungu mtu asilale kama siku ile, mimi niliyekuwa nimelipa kikaratasi ili alale. Aliegemea ukuta. Alinyoosha miguu. Alifumba macho mara moja, bi mkubwa akanishika mkono. Akayafumbua. Akatazama paa. Baadaye akaanza kuchunguza malengelenge yake moja moja.

"Unajisikiaje?" dresa akamwuliza mwishowe.

"Nanoga," mume akasema. "Kila kiungo. Lakini tulo sina, hata ya kuazima."

Akamtoboa kidole tena, akampapasa shingo tena, hakuna kitu. Akaichana barua mbele yetu. Kwa stesheni masta aliandika nyingine, kwamba mtu huyu hana malale na si mvivu, amekosa kulala mchana katika wiki za usiku, na akilala vya kutosha atakesha vizuri. Bi mkubwa akapewa maagizo yake: akirudi asubuhi chumba kiwe giza, watoto waende kwa bibi yao, majirani wasalimie jioni, na kabla ya kwenda kazini alale tena kidogo. Dresa alituonya tumlete tena akianza homa, au akianza kusinzia hata baada ya kulala vya kutosha. Hakuanza. Mkono wa chuma alirudishiwa mwezi uliofuata.

Habari ingeishia hapo kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini tukiwa bado mlangoni mwa zahanati, mume amekwenda kutafuta maji ya kunywa, wivu ulinipanda upya, mbichi kabisa. Nilifikiri, mwaka mzima huyu kapewa usingizi wake. Kichwa cha mume kimelala mapajani pake. Mimi nimepewa maneno ya treni na mizinga ya nyuki. Nikasema, "Dada, na mimi nataka wiki za usiku. Tubadilishane."

Nilitegemea kubishana. Nilikuwa nimeshapanga hoja tatu. Akasema, "Nimekubali," kabla sijafika ya kwanza.

"Basi akija kwako Ijumaa hii akae wiki mbili mfululizo ili zamu zigeuke," nikasema, na hapo nikagundua kwamba nimempa wiki nzima ya bure.

"Sawa, mdogo wangu," akasema. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "Kwako huwa anaongea nini?"

Sikuelewa swali. "Mambo tu. Treni. Igalula. Alivyokuwa akichunga."

"Alikuwa anachunga?" akasema.

Watoto watatu, miaka tisa ya ndoa, na hilo hakulijua. Akaniambia kwamba zamani mume alikuwa anaongea, kabla hajahamishiwa mkono wa chuma. Mwaka huu mzima nyumbani kwake alikuwa na mwili unaoingia, unaanguka, unaondoka. Alikuwa akisikia kisimani kwamba kwa bi mdogo taa inazimwa lakini sauti zinasikika mpaka saa tano. "Nilikuwa nakuchukia," akasema, kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mume akarudi na maji, tukashika njia.

Nilipata nilichokitaka. Wiki yangu ya kwanza ya usiku nilitundika khanga mbili nzito dirishani, nikafukuza kuku, nikamwambia jirani aliyekuja kusalimia arudi magharibi. Mume aliingia saa kumi na mbili na nusu, akasema salamu nusu, akaanguka. Alilala fofofo, kinywa wazi, kwenye godoro langu, kwenye shuka langu. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni nikimsikiliza anavyokoroma. Nilimsikiliza asubuhi yote. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Alhamisi nilitamani kumwuliza ile habari ya ng'ombe aliyezama mtoni, mwisho wake hakuwahi kuumaliza, na nikakumbuka kwamba kesho Ijumaa anabeba kifurushi.

Wiki iliyofuata nilipita karibu na stesheni baada ya isha. Naapa sikuwa na sababu nyingine, nilikuwa natoka kumtazama mgonjwa. Taa ya bi mkubwa ilikuwa imezimwa. Nilisikia sauti ya mume wangu, inapanda na kushuka, taratibu, habari ya ng'ombe na mto. Kisha nikamsikia yule mwanamke akicheka, na akicheka anauliza, "Ikawaje?" Nilisimama ukutani kama nilivyosimama siku ile na karanga, ila safari hii ilikuwa Kiswahili, nami nilijua kila neno. Alipofika mwisho wa ile habari treni ikapita, nami sikuusikia.